Barua ya Mbinya Iliyoanza kwa Toba

Ukisikia mtu akisema Kasyoka Nzau amestaafu, mwache tu. Miaka ishirini na sita mama huyo alikaa kwenye ofisi ya mitihani ya chuo kikuu kimoja kule mjini, akipokea rufaa za wanafunzi, akizisajili na kuzipeleka kwenye kamati. Aliporudi kwao Nunguni alipanda kabichi na viazi kama majirani zake, lakini kalamu nyekundu hakuiacha. Watu walipojua, wakaanza kumletea barua: ya kuomba kazi, ya kumjibu chifu, ya kumkataa mchumba. Hatozi chochote. Ila atakusema mpaka ujute kuzaliwa, halafu barua yako itoke imenyooka.

Alhamisi hiyo ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, alikuwa anapalilia alipomwona Mulei, shemasi wa kanisa lao, akishuka mtaro wa shamba na binti yake. Mulei alikuwa amevaa koti la Jumapili. Kasyoka akajua kuna neno, maana Mulei havai koti hilo siku ya kazi labda kuwe na maziko.

"Mama Kalunde," Mulei akasema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake, "mtoto ameanguka mtihani. Somo moja tu. Wanasema hatahitimu mwaka huu. Tumeandika barua ya kukata rufaa, na mwisho wa kuipeleka ni kesho saa kumi na moja jioni."

"Mwisho ni kesho, na mimi mnaniletea leo?"

"Tulikuwa tunaiombea."

Kwa kuwa naye ni mshirika wa kanisa hilo hilo, Kasyoka akaacha jembe. Akanawa mikono, akavaa miwani, wakaketi kwenye baraza.

Mbinya, binti mwenyewe, alikuwa mwaka wa nne, mwanafunzi wa takwimu, mtoto mpole wa kuongea kwa kutazama viatu. Ndiye wa kwanza katika ukoo mzima kufika chuo kikuu. Mamake alikuwa ameshachagua kondoo wa sherehe. Sasa tovuti ya wanafunzi ilikuwa imeandika: alama thelathini na saba, daraja E. Wa kupita anahitaji arobaini. Alama tatu zilikuwa zinamrudisha darasani mwaka mzima.

Kasyoka akaifungua barua. Ilikuwa kurasa tatu, kwa Kiingereza cha mahubiri. Ukurasa wa kwanza ulianza na salamu katika jina la Bwana. Ukaendelea na toba. Mbinya alikiri kwamba alikuwa mzembe, kwamba hakumtanguliza Mungu katika masomo, kwamba adhabu hii anaistahili, na kwamba anaomba rehema. Ukurasa wa pili ulieleza umaskini wa nyumbani na mvua iliyokosekana. Nyuma yake kulikuwa kumebandikwa barua ya mchungaji na barua ya chifu, zote zikishuhudia kwamba binti ni mwenye adabu na hajawahi kuonekana baa.

Kasyoka akaivua miwani.

"Nani alikuambia uanze kwa kukiri?"

Mbinya akamtazama babake. Mulei akajikohoza. "Sisi ndivyo tunavyofanya, Mama Kalunde. Hata kanisani huwezi kusimama kuomba kitu bila kutubu kwanza. Ni heshima."

"Kanisani kuna Mungu. Kule kuna kamati." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Mulei, nimekaa na hawa watu. Wao wanauliza mambo matatu tu. Je, alama zilijumlishwa au kunakiliwa vibaya? Je, mtihani uliendeshwa kinyume cha kanuni? Je, mtahiniwa alikuwa mgonjwa au na msiba, na ana karatasi ya kuonyesha? Basi. Hawataki kujua kama umewahi kuonekana baa. Na ukiwaambia adhabu unaistahili, watakupa."

Mulei alifura kidogo. Yeye ndiye aliyeitunga toba ile. "Basi tuwaambie ukweli mwingine. Huyo mwalimu ana ubaguzi. Watu wanasema anawaangusha watoto wa huku."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Watu hawana sahihi. Andika hilo bila ushahidi, uone kama hawajakuita kujieleza mbele ya kamati ya nidhamu." Mwanamke huyu ana ulimi, nami simlaumu. Mtu anatoka kupiga magoti, anaingia kurusha mawe, na katikati kuna njia pana ya kupita.

Akarudi kwenye barua, akianza kukata. Wino ukapita juu ya salamu, juu ya uzembe, juu ya mvua. Mbinya alikuwa akiifuata kalamu kwa macho kila mstari ulipokufa. Kalamu ikafika ukurasa wa tatu, ikasimama.

Chini kabisa, kama dhambi ya mwisho kabla ya amina, Mbinya alikuwa ameandika: naomba pia msamaha kwa kuwa sikufanya CAT pamoja na darasa langu. CAT ni ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula. Unabeba alama thelathini, na ule mkubwa wa mwisho sabini.

"Mbinya," Kasyoka akasema polepole, "hukufanya CAT?"

"Nilifanya, Susu," Mbinya akajibu, akimwita bibi kwa Kikamba. "Lakini si na darasa langu. Siku hiyo tulikuwa Mbumbuni tunamzika nyanya. Mwalimu akaniruhusu nifanye wiki iliyofuata na wanafunzi wa jioni. Sisi wa mchana tulikuwa watatu."

"Ulipata ngapi?"

"Kumi na tisa."

Kasyoka alisimama. Magoti yake huwa hayasimami haraka hivyo. "Kumi na tisa juu ya thelathini. Na tovuti inasema una thelathini na saba kwa jumla. Hebu niambie, kwenye mtihani mkubwa ulijibu maswali mangapi?"

"Yote manne. Moja tu ndilo lilinisumbua."

Bibi yule alianza kutembea barazani. Moyo wake ulikuwa unadunda jinsi ulivyokuwa ukidunda ofisini miaka ile, faili linapokuwa jembamba lakini lina uzito. Wanafunzi wa jioni wana orodha yao ya alama. Wa mchana wana yao. Mtu akifanya huku na jina lake liko kule, karani asipohamisha alama, nafasi inabaki tupu, na tupu inahesabiwa sufuri. Aliyaona hayo kwa macho yake.

"Ile karatasi ya CAT ulirudishiwa?"

"Ndiyo. Iko nyumbani, kwenye faili langu la kijani."

"Ina sahihi ya mwalimu?"

"Ina alama na sahihi."

Mulei hakungoja kutumwa. Koti la Jumapili likapanda mtaro kwa mbio, likarukia bodaboda ya kwanza iliyopita barabarani, na wanawake wawili wakabaki na simu ya Mbinya, wakipekua ujumbe wa tangu mwezi wa pili. Walishuka na kushuka. Ruhusa ya mwalimu ilikuwa pale: njooni Alhamisi saa kumi na moja na nusu, mfanye na wa jioni. Jina la mwalimu juu, tarehe pembeni. Mbinya alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kicheko cha mtu aliyeshtuliwa.

"Sasa wacha niandike kwamba alama zangu wamezipoteza," akasema.

"Unajua wamezipoteza?"

"Si ndiyo hivyo?"

"Mimi nadhani hivyo. Wewe unadhani hivyo. Lakini orodha hatujaiona. Andika unachojua, uombe wakague usichokijua. Ukimwambia mtu amepoteza, atatafuta cha kujitetea. Ukimwomba aangalie, ataangalia."

Barua mpya ilitoka nusu ukurasa. Kwa Msajili wa masomo, kupitia kwa mwenyekiti wa idara na mkuu wa kitivo, kama kanuni zinavyotaka. Jina, nambari ya usajili, somo, tarehe ya matokeo kutangazwa. Halafu mistari michache: nilifanya CAT tarehe fulani na kikundi cha jioni kwa ruhusa ya mwalimu, nilipata kumi na tisa, naomba ikaguliwe kama alama hizo zimejumlishwa kwenye matokeo yangu. Viambatisho: nakala ya karatasi iliyosahihishwa, picha ya ujumbe wa mwalimu, nakala ya kibali cha maziko. Asante. Sahihi.

"Imekauka sana," Mbinya akasema kwa wasiwasi. "Hakuna hata naomba tafadhali."

Kasyoka akafikiri, akaongeza "kwa heshima" mahali pamoja. "Hapo. Imetosha."

Mulei alirudi na faili lote la kijani, jasho likimtiririka kolani. Karatasi ilikuwepo, kumi na tisa kwa wino wa bluu, na sahihi, na kibali cha maziko ya nyanya kilikuwamo pia. Wakapanda wote watatu hadi saiba ya sokoni, kibanda cha kompyuta na intaneti, wakapiga chapa na kuskani. Barua ikaenda kwa barua pepe saa nane na dakika ishirini, na kesho yake Mbinya mwenyewe alipeleka nakala mkononi, akagongewa mhuri wa kupokelewa kwenye ya kwake. Huo mhuri Kasyoka aliagiza upigwe picha kabla mtoto hajaondoka dirishani.

Wakangoja wiki tano. Mulei alipungua mwili, kondoo akanenepa.

Jibu lilipofika, Mbinya alikimbia mtaroni akiwa peku, simu juu, akamkuta Kasyoka amebeba kabichi mbili. "Susu, hamsini na sita! C! Nimo kwenye orodha!" Kabichi zikaanguka, wakakumbatiana hapo kwenye matope, mmoja analia, mwingine anasema nilijua, nilijua, ingawa hakuwa amejua. Mulei alifika nyuma yao akihema. Alitaka kusema kitu kirefu cha kishemasi, akaishia kushika tu mkono wa Kasyoka kwa mikono yake miwili.

"Soma yote," Kasyoka akasema baada ya kupata pumzi. "Barua husomwa mpaka sahihi."

Mbinya akasoma. Kamati ilikuwa imeona kwamba alama za CAT hazikuhamishwa kutoka orodha ya jioni. Matokeo yake yamerekebishwa. Ukaguzi huo umewezesha pia kurekebishwa kwa matokeo ya watahiniwa wengine wawili walioathirika vivyo hivyo.

"Wale wenzako," Kasyoka akasema. "Wao waliandika rufaa?"

"Hapana. Mmoja alisema atarudia tu somo." Mbinya alikuwa tayari anatafuta namba. "Nthiwa yeye aliacha kabisa. Aliniambia chuo si chake. Yuko mji wa Salama, anaziba magurudumu ya malori."

Akaweka simu kwenye sauti kubwa. Kelele za barabara kuu zikawajia, kisha sauti ya kijana, yenye haraka ya mtu wa kazi. Mbinya akamwambia. Akarudia. Upande wa pili kukawa na honi, nyundo, halafu nyundo ikanyamaza.

"Ulipita, Nthiwa," Mbinya akasema. "Ulikuwa umepita tangu mwezi wa nne."

"Lakini mimi nilikubali," Nthiwa akasema. "Nilijiangalia nikaona kweli mimi ni wa kuanguka."

Kasyoka aliketi juu ya jiwe la mtaro. Zile toba zote za miaka ishirini na sita, alizozisajili na kuziandikia pembeni kwamba hazina sababu. Zilikuwa zinaanza hivyo hivyo. Yeye alikuwa akisoma aya ya kwanza, akiruka zilizobaki, akichukua mhuri.

"Mwambie asiishie kuweka nyundo chini," akasema. "Mwambie apande gari sasa hivi, aende akahakikishe jina lake limeandikwa kwenye orodha ya kuhitimu. Orodha hiyo inafungwa Ijumaa; akichelewa, atangoja mwaka."