Maneno ya Kaka Yanaishia Wapi

Sushila alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, Southall, Uingereza, miaka ile watu wetu wa Kenya na Uganda walipokuwa wakishuka na masanduku yao na makoti mepesi yasiyofaa kitu. Kazi aliipata kwa sababu shule yao ya Kisumu ilimfundisha kusoma Kihindi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mwenye kiwanda, Gurmit, Kalasinga wa Nairobi, Kihindi hicho alikisema vizuri lakini kukisoma kulimtoa jasho. Yeye alisema Kipunjabi kwao, Sushila Kigujarati kwao, kwa hiyo wakiwa kazini walipigiana kelele kwa Kiswahili, na wateja Wazungu wakafikiri hiyo ndiyo lugha ya India.

Basi ikaja kazi ya kitabu. Margaret, mwalimu aliyewafundisha wazee Kiingereza jioni ukumbini, aliwaambia kila mmoja aandike habari ya kuhama kwake. Kiingereza kingekaa upande huu wa kurasa, Kihindi upande ule. Bapuji, baba mkwe wake Sushila, akaandika juu ya siku aliyoagana na kaka yake dukani Kisumu. Kuagana gani? Waligombana. Kaka akabaki na duka, mdogo akapanda ndege, na hawakuonana tena mpaka kaka alipofariki. Sasa mjane wa kaka, Jaswanti, alikuwa amefika Leicester na watoto wake, na Bapuji hajakanyaga huko. Kitabu Jaswanti angekipata, maana jumuiya yao ilipeleka kwa kila nyumba. Sushila alikuwa na hamu moja tu: wanawe wawajue binamu zao wa Leicester.

Prufu ya kwanza, ile karatasi ya kusahihishia, ilipotoka aliisoma amesimama, akakaa. Upande wa Kiingereza maneno ya kaka yalikuwa yamelala, kwa herufi zile za mlazo, ukiona tu unajua hapa anasema mtu mwingine. Upande wa Kihindi yote yamesimama sawasawa. Ilisomeka hivi: kaka aliniambia ninakwenda kuwaoshea Wazungu vyombo. Duka la baba ninalitupa. Watoto wetu wasijuane kamwe.

"Hayo ya mwisho ni ya nani?" Sushila akauliza. "Mtu akisoma hapa ataona ni Bapuji anamwambia mjane, leo hii, watoto wasijuane."

"Mzee alipiga mstari chini ya maneno," Gurmit akasema. "Margaret anasema mstari maana yake mlazo. Yalaze basi, dada."

"Niyalaze kwa mto gani, Bhai Gurmit? Hakuna herufi ya Kihindi iliyolala kwenye sanduku lako. Zote zilikuja kutoka Bombay zimesimama."

Margaret alipofika alisikitika, akashauri waachanishe herufi, kama alivyoona kwenye vitabu vya Kijerumani. Sushila akatia vipande vya madini ya risasi katikati ya herufi, akachapa kipande. Balaa. Herufi za Kihindi zinaning'inia kwenye mstari wa juu, mstari mmoja ndio unaoshika neno zima, kama nguo kwenye kamba. Ukiziachanisha kamba inakatika. Neno likawa vipande, na Gurmit akalisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, moja moja, asijue linaanzia wapi.

"Piga mstari chini, kama mzee mwenyewe," akasema.

Akapiga. Lakini kuna alama za sauti zinazokaa chini ya herufi, zile za "u", na mstari ukazikata mikia. Alipoushusha ili mikia ipone, ukakaribia mno mstari wa maneno unaofuata, ukaonekana ndio kamba ya hayo. Sasa hukujua mstari ni wa yaliyo juu au wa yaliyo chini. Margaret aliugeuza ukurasa huku na huku, akaomba chai.

Zikabaki herufi nene za vichwa vya habari. Sushila alizipanga, akaona kaka amekuwa anapiga kelele ukurasa mzima, mweusi tititi, kama tangazo la sinema.

"Kwa neno moja la mkazo zinafaa," akasema. "Kwa mazungumzo, hapana. Nitachukua vile vikoma vya juu kwenye sanduku la Kiingereza, viwili kufungua, viwili kufunga. Magazeti ya Delhi yanafanya hivyo hivyo."

"Kwa nini hukusema tangu asubuhi?"

"Kwa sababu kufungua najua. Kufunga sijui."

Hapo ndipo penye kazi. Mlazo wa Margaret ulifuata mstari wa Bapuji, na Bapuji alipiga mstari kila mahali, chini ya maneno ya kaka na chini ya kila alichokiona kizito. Margaret mwenyewe alimfundisha kwamba jambo kubwa hupigwa mstari. Kwa hiyo mstari haukusema ni nani anayesema.

Jioni Bapuji akapita kiwandani, kofia mkononi.

"Bapuji, kaka alinyamaza wapi?" Sushila akamuuliza kwa adabu, ameinamisha macho. "Baada ya vyombo? Baada ya duka? Au na haya ya watoto ni yake?"

Mzee akavaa miwani. Akasoma prufu, akasoma tena.

"Ni yake," akasema. Kisha, "Au nilimjibu mimi. Nimeyarudia moyoni miaka yote hii kwa sauti yake. Ngoja kwanza." Akavua miwani. "Sijui, binti."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Bhabhi alikuwepo, mke wa kaka. Kwenye mizani."

Gurmit akamsogezea simu. Mzee aliitazama kama mtu anayeonyeshwa nyoka. Sushila ndiye aliyepiga, akasalimia, akamkabidhi. Sauti ya Jaswanti ilikuwa kubwa, wote waliisikia.

"Bhabhi," Bapuji akasema, "siku ile dukani. Watoto wasijuane kamwe. Alisema kaka, au mimi?"

Jaswanti akasema, "Mimi."

"Wewe?"

"Nilisema mimi. Kaka yako alinikaripia, ila wakati huo wewe ulikuwa umeshatoka nje na sanduku. Alisema la vyombo na la duka, basi. Nilidhani unajua ni mimi. Nilidhani ndiyo sababu huji."

Bapuji akaketi juu ya marobota ya karatasi. Kwa miaka alimkasirikia marehemu kwa neno lisilo lake, na sasa hasira haikuwa na pa kwenda, wala huzuni haikujua ianzie wapi.

"Tulichape hivyo?" akauliza mwishowe.

"Lichape. Weka jina langu. Lakini kitabu uniletee mwenyewe, usitume posta."

Sushila akafunga maneno ya kaka baada ya duka, baada ya ule mstari wa kusimama ambao ndio nukta ya Kihindi. Akaanza aya mpya, akaandika kwamba Jaswanti, mke wa kaka, alisema, akafungua vikoma tena. Akafika kwenye "kamwe".

"Bapuji, hili ulilipigia mistari miwili. Niliweke nene?"

Mzee akafikiri. "Bhabhi hasemi kwa nguvu. Mimi ndiye niliyelisikia kwa nguvu."

"Basi jembamba?"

"Lakini nililisikia."

"Neno ni lake, mkazo ni wako," Gurmit akasema. "Hata mimi sasa nimepotea."

"Acha nafasi tupu," Bapuji akasema, akivaa kofia. "Jumamosi nakwenda Leicester na watoto wako. Nitamuuliza."