Mistari Miwili ya Juu ya Uwingabire

Uwingabire alikuwa fundi wa kujieleza kwenye fomu. Mwaka 2021 volkano ilipomeza nyumba yake ya kupanga kule Buhene, pembeni mwa Goma, alijieleza akapata turubai. Mwaka uliofuata waasi walipoingia Kibumba, kwao, mama yake akafika Goma na sufuria moja, Uwingabire akajieleza tena na akapata maharagwe. Mji mzima ulikuwa umejifunza hivyo: unaanza na balaa, unataja watoto, unamalizia kwa shukrani.

Basi alipofungua ukurasa wake kwenye soko la kazi la intaneti, pale watafsiri na waandishi wa rekodi za sauti wanapojinadi kwa wateja wa mbali, aliandika muhtasari wake kwa ustadi uleule. «Mimi ni mjane, mwathirika wa volkano na vita. Nafanya tafsiri ya aina yoyote, kwa bei ndogo. Tafadhali mnipokee.» Kwa saa alitaka dola nne.

Wateja walikuja. Waliomba matangazo ya dawa za kunenepesha, majibu ya mtihani, saa tatu za mahubiri. Walimpa nyota tano na kumwombea. Mmoja alimwomba ashushe bei kwa sababu, alisema, kazi yenyewe ni baraka. Mapato hayo hayakutosha kodi, na mwenye nyumba ya Ndosho alimopanga sasa alikuwa amempa hadi Desemba atoke.

Cikuru, mtafsiri mzee wa upande wa Bukavu aliyegawana naye meza na umeme wa sola kwenye chumba cha intaneti, aliusoma ukurasa huo akavua miwani.

«Mama Igihozo,» alimwita kwa jina la mtoto wake, «hii ni profil ao liste ya kugawa maturubai?»

«Muzee, sasa nifiche vile vilinifikia?»

«Haufichi. Lakini muteja wa kule iko na shida yake, anatafuta mwenye kumutolea. We unamwongezea ya pili.»

Akamwonyesha jambo asilolijua: mteja anapotafuta, anaona mistari miwili ya juu tu, iliyobaki hufunguka akibonyeza. Mistari yake miwili ilikuwa jeneza.

«Unajua nini ambayo wengine hawajui?» Cikuru akauliza.

Alifikiri. Alijua Kinyarwanda cha Rutshuru na cha Masisi, na Kiswahili cha Goma kinachorukia Kifaransa katikati ya sentensi. Akisikia jina la kilima kwenye rekodi mbovu, alijua kimetajwa kipi.

Waliandika upya kwa siku mbili. «Ninaandika na kutafsiri mahojiano ya watafiti kutoka Kivu Kaskazini, pale wasemaji wanapochanganya Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa.» Kisha namna ya kazi: majina ya mahali yanahakikiwa, neno lisilotafsirika linaachwa lilivyo, na maelezo na dakika yake kwenye rekodi, penye kelele panaandikwa «hapasikiki», hapabuniwi. Kisha asichopokea: mitihani na matangazo. Neno bei halikuwepo. Kwenye kisanduku cha malipo ya saa pekee, aliandika dola kumi na nane.

«Na mimi niko wapi mule?» aliuliza.

«Uko nyuma ya kazi,» Cikuru akasema. «Kule njo kuna kiti chako.»

Wiki tano hakuna aliyeandika, isipokuwa yule mteja wa baraka, aliyeuliza kama amepata kiburi. Mwenye nyumba alipita mara mbili kusalimia kuta zake, si mpangaji.

Wiki ya sita taasisi moja ya utafiti ya Ulaya ikaandika. Ilikuwa na mahojiano arobaini ya wakimbizi wa kambi za upande wa Lac Vert, nje ya Goma. Iliuliza maswali mawili tu, yote juu ya majina ya mahali. Haikugusa bei. Alijibu vizuri. Wakampelekea mkataba, na kabla ya mkataba, fomu.

Fomu ilisema taasisi inajali afya ya washirika wake, kwa hiyo haiwapi rekodi za vita watu walioguswa na vita hivyo. Je, yeye au ndugu yake wa karibu ameguswa?

Aliisoma mara tatu. Katika fomu zote za maisha yake, swali hilo lilikuwa mlango, na «ndiyo» ilikuwa ufunguo. Mama yake alikuwa amelala kwenye mkeka nyumbani, na sufuria lake.

«Andika hapana,» Cikuru alisema, bila kumtazama.

«Mama iko kwangu, muzee.»

«Hawajaomba mama. Wameomba mutu wa kazi.»

Aliandika hapana. Mkataba ukatiwa sahihi kabla ya saa sita, kwa kumi na nane, na salamu fupi: walifurahi kumpata mtu anayeijua Kivu vizuri hivyo, na ambaye, kwa bahati, vita havikumgusa.

Alivaa visikizio. Rekodi ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa Kibumba. Aliyahakiki majina yote ya vilima, na hakukuwa na hata kilima kimoja cha kutafuta kwenye ramani; vilikuwa vya kwao.