Kuta za Baba Mkwe

Niliolewa Usukumani nikiwa tayari injinia, na wakwe zangu hawakuacha mtu yeyote asijue. Mama mkwe alinizungusha gulioni Lalago kama anayeonyesha mtamba aliyemnunua kwa bei nzuri. "Huyu ndiye mkwe wetu," alikuwa akisema, "anajenga maghorofa." Sikuwa nimejenga ghorofa hata moja. Kazi yangu ofisini Bariadi ilikuwa kukagua michoro ya watu wengine, zaidi makalavati na vyoo vya shule. Lakini sifa ni tamu, nami nilizimeza bila kutafuna.

Ndiyo maana parokia ya kijijini kwao ilipotaka ukumbi, nilijitolea kuuchora kabla hata sijaombwa. Chini uwe ukumbi wa harusi na mikutano, juu vyumba vya katekesi na ofisi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa baba mkwe, mkulima wa pamba, mtu mpole anayesikilizwa kwa sababu hasemi sana.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mzuri, nalisema hili bila aibu kwa kuwa ni moja ya mambo machache humu ninayoweza kuyasema hivyo. Nguzo nyembamba za zege, na kwenye pembe nne za ukumbi kuta za zege zenye kona, kama herufi L. Kuta hizo hazikuwekwa kubeba slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya juu. Kazi yake ilikuwa kushika jengo lisiyumbe upepo unapolisukuma. Jengo likishikwa hivyo, kichwa cha nguzo hakihami, kwa hiyo nguzo inaweza kuwa nyembamba na wembamba wake usikuongezee hesabu. Nilikagua, nikaona wembamba huo unaruhusiwa kupuuzwa, nikaupuuza kwa haki.

Msingi ulimwagwa, na nondo za kuta zikaachwa zimechomoza. Ndipo ukafika ubatizo wa mtoto wetu wa pili.

Wasiojua heshima ya ukwe ya Wasukuma wataniona mjinga, na hawatakuwa mbali na ukweli. Kwetu Moshi naweza kubishana na baba mkwe wa dada yangu mpaka chai ipoe. Kwa wakwe zangu, mkwe wa kike hakai karibu na baba mkwe, hamtazami usoni, hali naye, na neno lake kwake hupitia kwa mama mkwe. Mimi niliishika mila hiyo kuliko hata wake wenza wangu, wake za ndugu za mume wangu, waliozaliwa humo humo. Nilitaka isemwe kwamba digrii haijaniharibu.

Siku ile wanakamati walikuwa wamekaa uani wakila, nami nilikuwa nimepiga magoti mbali kidogo nikiwa na birika la kunawisha mikono. Mmoja wao akasema zile kuta za pembeni zitatia giza na joto, gari la maharusi halitapita, na tena ukumbi uinuliwe, watu wapate hewa. Wengine wakadakia. Baba mkwe akageuza uso upande wangu bila kunitazama.

"Mama," akamwambia mkewe kwa Kisukuma, "muulize mkwe kama kuta hizo zimebeba kitu."

Mama mkwe akanigeuzia swali kwa Kiswahili, ingawa nilikuwa nimelielewa.

Hazijabeba kitu. Hilo ndilo jibu nililotoa, na lilikuwa kweli kabisa. Nilijua swali lenyewe lilikuwa na upungufu. Nilijua pale pale, birika mkononi, kwamba kulikuwa na sentensi ya pili inayoanza na "lakini". Kumwambia baba mkwe "lakini" mbele ya wageni wake nikaona ni makubwa. Nikajiambia nitapiga hesabu nikirudi Bariadi. Nilirudi, nikakuta kazi mezani, na moyo ukaniambia nguzo zina nguvu tu, mzigo ni ule ule, haraka ya nini.

Nguzo zikamwagwa, ndefu kuliko nilivyochora, bila kuta. Nondo za kuta zikainamishwa na kufukiwa. Halafu fundi akanipigia simu kuuliza urefu wa nondo za ngazi, maana kimo cha ukumbi kilikuwa kimebadilika. Swali la kawaida kabisa. Nikafungua hesabu zangu kwenye kompyuta kubadili kimo, na macho yangu yakatua kwenye kijisanduku cha juu kinachouliza kama fremu imezuiwa kuyumba. Nilikuwa nimeandika ndiyo. Nikaandika hapana.

Nitaeleza kilichotokea kama nilivyomweleza mama mkwe baadaye. Ukibeba ndoo ya maji kichwani ukiwa wima, ndoo inakubonyeza tu. Upepo ukikusukuma kidogo, ndoo inatoka juu ya miguu yako, na sasa uzito wake wenyewe unakuinamisha zaidi ya upepo. Ukiinama zaidi, inakuvuta zaidi. Nguzo ndivyo ilivyo. Upepo unaipinda kwanza, kisha mzigo ulio juu unapata pa kushikia na kuipinda mara ya pili. Ukiisha kuondoa kuta, urefu wa nguzo wa kuhesabia haubaki ule unaouona. Unazidi, kwa sababu kichwa kiko huru kuhama, na uwezo wa nguzo kukataa kupinda unashuka kwa mraba wa urefu huo. Tena huwezi kupima nguzo moja moja. Ghorofa nzima huyumba pamoja, kwa hiyo unajumlisha mzigo wa nguzo zote na kuulinganisha na uwezo wa nguzo zote. Mzigo ukiukaribia uwezo, momenti ya upepo, yaani nguvu yake ya kupinda, inakuzwa, na kadiri unavyozidi kukaribia ndivyo ukuzaji unavyopaa.

Kitabu tunachofuata kinasema momenti ikishakuzwa isizidi ile ya mwanzo mara moja nukta nne. Ikizidi, usiongeze nondo ukajidanganya, badili jengo. Yangu ilikuwa imekuzwa karibu mara mbili.

Nilirudia hesabu nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nilihisi uso unawaka nikiwa peke yangu ofisini, mlango umefungwa, na sijui nilikuwa namwonea nani haya. Slabu ilikuwa imwagwe Jumamosi ile. Mirunda ilishasimamishwa, mbao zimepigwa, akina mama wa jumuiya wameanza kuteka maji. Na mvua za kwanza za huku hutanguliwa na upepo unaong'oa mabati.

Nikapanda gari siku hiyo hiyo. Nilimkuta mama mkwe jikoni, na baba mkwe sebuleni, upande wa pili wa ukuta wa tofali moja usiofika juu. Kila nililosema alilisikia, na sote watatu tulijua. Hata hivyo nilimwambia mama, habari ya ndoo, habari ya kuta, na mama akainuka akaenda sebuleni kumwambia mumewe yale ambayo alikuwa ameshayasikia. Nilibaki nimekodolea moto macho. Nilijiona mtoto, na hasira ilinipanda kwa mila, kwa kamati, kwa ukumbi, kwa kila kitu ila mimi.

Mama akarudi. "Anauliza, kuta zikirudi, nguzo zitafaa?"

"Zitafaa kama zilivyo," nikasema. Nilikuwa nimeshahesabu. Kuta zikirudi, kichwa cha nguzo kinashikwa, na ukuzaji unarudi kwenye moja, yaani momenti haikuzwi tena, hata kwa kimo kipya. Msingi wa kuta upo na nondo zipo, za kufukuliwa tu na kuungwa vizuri.

"Anauliza, ulijua siku ile ya ubatizo?"

Hilo sikulijibu. Mama alisubiri, akakoroga mboga isiyohitaji kukorogwa, kisha akaenda sebuleni na kimya changu. Nadhani kilifika kizima.

Jumapili baada ya misa, baba mkwe aliomba nafasi ya kusema. Mtu asiyesema sana akisimama, watu hutulia. Nilikuwa upande wa akina mama, mtoto mgongoni. Akasema slabu haikumwagwa kwa sababu ya kosa lake. Akasema mkwe wake alichora kuta, akaonya zisiondolewe, naye kwa ukaidi wa uzee akaziondoa ili apate sifa ya ukumbi wenye hewa. Sasa zinarudi, na kazi ya kufukua ataisimamia yeye mwenyewe. Aliomba radhi kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, wazee wenzake wasikie vizuri.

Watu waligeuka kunitazama kwa heshima. Mama mmoja akanishika mkono akinishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu, asante mama, umetuokoa." Nilikuwa na mdomo na nilikuwa nimesimama kanisani. Ningeweza kusema si kweli. Nikajiambia kumkanusha baba mkwe hadharani kungekuwa kumvua nguo. Mila ile ile niliyoilaani jikoni, nikajifunika nayo tena.

Baadaye, nikitoka, tulikutana njiani pasipo na wa kutupokelea maneno. Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Baba, si wewe uliyekosa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha moja kwa moja.

Akaangalia upande wa mashamba. "Ng'wana wane," akasema, mwanangu, "mimi nikikosea kuta, bado ni mkulima. Wewe je?" Akapita.

Ukumbi ulikamilika. Uko imara, na kila upepo ukivuma usiku Bariadi nalala. Lakini una joto kweli kweli, wale wanakamati hawakusema uongo, na gari la maharusi huachwa nje kwenye vumbi. Watu wanaziita kuta za mzee, na si kwa sifa. Nimesikia vijana wakisimulia jinsi mzee mmoja mkaidi alivyomsumbua injinia mpaka jengo likawekewa kuta za haraka haraka. Kamati mpya ilipochaguliwa, jina lake halikutajwa.

Mwaka huu tulikuwa na harusi humo. Mwanamke mgeni kutoka Zagayu alikaa karibu nami, jasho linamtiririka, akijipepea na kadi ya mwaliko.

"Kuna mzee aliuharibu ukumbi huu, eti," akaniambia. "Injinia alikuwa hana kosa."

Baba mkwe alikuwa meza ya mbele, anakula taratibu, mgongo ametupa sisi.

"Ndivyo wanavyosema," nikamjibu, nikamsogezea maji.