Namba ya Mwanangu

Matokeo ya kidato cha nne hayana tarehe. Watoto wanafanya mtihani Novemba, wanarudi nyumbani, halafu Januari inaingia na kila mzazi anaanza kuishi na simu mkononi. Mwaka ule yalikuwa yameshatoka ya uongo mara kadhaa kwenye kundi letu la wazazi. Mtu anatuma kiungo, unakifungua, unakuta ni ya mwaka wa nyuma au tangazo la mikopo. Nilishawagombeza humo kundini hadi mwalimu mmoja akaniomba nipunguze maneno. Nikamwambia apunguze yeye kunyamaza.

Nina kibanda cha vitenge pale Mabwerebwere, hapa Kilosa. Asubuhi hiyo nilikuwa nampimia mama mmoja doti nikasikia redio ya fundi cherehani wa jirani: katibu wa baraza la mitihani anaongea na waandishi wa habari. Hapo ndipo unapojua si uongo. Akitoka yeye mbele ya watu akasema yametoka, basi yako mtandaoni. Mkasi ulinitoka mkononi. Yule mama akaniuliza kama nina mtoto humo, nikamjibu ninaye mmoja, wa kike, na yuko Mikumi kwa dada yangu anamsaidia kwenye mgahawa.

Nisieleweke vibaya, simu naijua. Nilifungua tovuti, ikazunguka, ikagoma, nikaizima data na kuiwasha kama ninavyofanyaga, ikakubali. Unachagua mwaka, zinakuja shule nchi nzima, kila moja na namba yake ya kituo, inaanza na S. Nikaitafuta shule yetu, nikaigusa. Ukurasa ukafunguka, na sikuona jina hata moja.

Enzi zetu matokeo yalibandikwa ukutani shuleni na majina yetu kamili, na wapita njia wakisoma. Mimi nilisomwa hivyo. Nilipata sifuri, na hadi jioni mji mzima ulishajua ni binti wa nani aliyeipata. Siku hizi wamewastiri watoto. Unaona namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni, halafu masomo na alama zake. Asiyejua namba ya mtoto wako haoni kitu.

Mimi niliijua. Ilikuwa kwenye karatasi ya matokeo ya mtihani wa utamilifu, ule wenyewe wanauita mock, ambayo niliibandika kwenye mlango wa kabati kwa sababu alifanya vizuri. Nimeisoma kila nilipochukua sahani. Sifuri sifuri ishirini na saba. Nikateremka na kidole. Wasichana wanatangulia, kwa alfabeti, wavulana wanafuata. Nikafika ishirini na saba.

Pointi thelathini na nne. Divisheni sifuri. Kiswahili D, mengine yote F.

Nilisoma tena kuanzia juu, nikijiambia kidole kimeteleza. Hakikuteleza. Baolojia F, mtoto ambaye alikuwa akinichorea moyo na mishipa yake mezani huku ugali unapoa. Akili yangu iliniambia hapa kuna jambo, lakini hofu ilikuwa imeshakaa kitini, na hofu ikikaa haimpishi mtu. Nikasema moyoni, si ajabu, mimi ni mama yake.

Nikampigia mwalimu wa taaluma. Simu inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Siku kama ile wazazi wote wa Kilosa wanamtaka mtu mmoja. Baba yake alikuwa Tindiga kwenye mpunga, kule simu hadi upande juu ya kichuguu. Nikampigia dada yangu Mikumi. Iliita hadi ikakata. Nikarudia na kurudia, haikupokewa.

Kila mwaka, mwezi huohuo, tunasikia habari za watoto ambao hawakungoja kufarijiwa. Tunazisikia, tunasema maskini, tunaendelea kupika. Sasa nikaanza kufikiria mgahawa wa dada yangu ulivyokaa, mlango wake na barabara kuu ya kwenda Iringa, na yale malori yanayoshuka pale bila huruma. Nilimwona mwanangu amesimama ukingoni. Nilimwona hivyo wazi kabisa, mchana kweupe, nikiwa nimesimama kati ya vitenge.

Sikufunga hata kibanda. Nilimwachia fundi cherehani na kukimbilia gari la Mikumi. Ndani ya gari nilikaa mbele, nikamwambia dereva nina mgonjwa. Haikuwa kweli na haikuwa uongo. Kijana mmoja nyuma alikuwa akishangilia kwenye simu, divisheni ya pili, divisheni ya pili, na nikatamani kumgeukia nimwambie anyamaze. Nilijizuia kwa kuuma ncha ya khanga yangu. Njia nzima nilipanga maneno. Nitamwambia ziro si kifo, mimi hapa ni mzima. Nitamwambia anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake itaanza na P, kwani P ina kosa gani. Nitamshika mkono kwanza, maneno baadaye. Nilipiga simu tena, ikaita hadi ikakata.

Nilipoteremka Mikumi niliangalia barabarani kabla ya kuangalia mgahawa. Hapakuwa na kundi la watu. Nikaingia.

Wateja wa mchana walikuwa wamejaa, madereva na makondakta, na mwanangu alikuwa akipita katikati yao na sinia la wali, anacheka. Nyuma yake rafiki yake, binti wa kijiji cha Chanzuru, alikuwa akifuta meza. Hao wawili walikuwa pamoja tangu kidato cha kwanza, kwa sababu majina yao yanafuatana na kila chumba cha mtihani kiliwaweka mmoja nyuma ya mwenzake. Dada yangu alikuwa amewachukua wote wawili likizo ile.

Nilimsalimia dada shikamoo, akaitikia marahaba akiwa na mwiko mkononi, akaniuliza kuna msiba gani. Nikamuuliza simu yake iko wapi. Akasema ameifungia kwenye droo. Watoto walisikia kwa wateja kwamba yametoka, wakaanza kutetemeka na kumwagia watu mchuzi, akaamuru hakuna kufungua chochote hadi wateja waishe. Ndiyo maana sikupokewa. Nikamtazama dada yangu kwa hasira ambayo hadi leo hajaielewa.

Basi mwanangu hakuwa anajua. Alikuwa akicheka kwa sababu hakuwa anajua. Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye benchi karibu na jiko, rafiki yake akaja na kitambaa chake mkononi akasimama pembeni. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga, lakini yote yalinitoroka.

"Mwanangu, nimeyaona," nikasema. "Ishirini na saba ni ziro. Lakini tuko pamoja."

Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lisilo lake.

"Ishirini na saba siyo yangu, mama," akasema. "Hiyo ilikuwa ya mock. Ya taifa mimi ni ishirini na nane."

Akanieleza haraka huku akininyang'anya simu. Namba za mock shule ilizigawa yenyewe, kwa waliokuwepo darasani. Za taifa zilitokana na usajili wa mwanzoni mwa mwaka, na mwanzoni mwa mwaka kulikuwa na msichana mmoja wa herufi A ambaye baadaye aliolewa, hakurudi tena. Jina lake halikufutwa. Kwenye usajili bado yupo, kwa hiyo wote waliomfuata walisogea mmoja mbele. Mwanangu hangeweza kukosea namba hiyo. Aliiandika kwenye kila karatasi ya majibu, jina huandiki popote, hata msahihishaji hajui anamsahihisha nani. Mimi sikuwahi kumuuliza, kwa kuwa niliiona kila siku kabatini.

Ukurasa ukafunguka. Juu kabisa, kati ya namba za mwanzo, ipo ya yule aliyeolewa: hakufika. Mwanangu akateremka hadi ishirini na nane. Divisheni ya pili, pointi kumi na tisa, Baolojia B, Kiswahili A. Alipiga yowe. Dada yangu akatupa mwiko. Mimi nilikaa chini, kwenye sakafu kabisa, na nadhani nilimtukana mtu, sijui nani, kwa furaha. Wateja wakapiga makofi. Dereva mmoja akasema sasa huyo anangoja kupangiwa shule ya kidato cha tano, namba hiyohiyo ndiyo ataangalizia.

Kisha niliona mwanangu ameacha kushangilia. Alikuwa bado ameshika simu, lakini hakuwa akiitazama.

Majina yao yanafuatana. Nimeshasema. Kwa mock rafiki yake alikuwa ishirini na sita; kwa taifa naye alisogea mmoja mbele.

Binti wa Chanzuru alikuwa amesimama palepale, kitambaa mkononi. Alikuwa amesikia namba yake ikitoka kinywani mwangu mbele ya jiko na madereva, kabla sijasema lolote lingine, na alitusikiliza muda wote ule tuliokuwa tukipiga kelele. Baraza lilimficha asisomwe na mtu. Nilimsoma mimi.

"Ni yangu hiyo, mama," akasema taratibu. "Hongera, shoga." Akamkumbatia mwanangu, tena kwa kweli, akarudi kwenye ile meza akaendelea kuifuta mahali palepale palipokuwa safi.

Halafu akaiacha. Aliweka kitambaa, akasema anatoka kupunga upepo, akaelekea mlangoni, kule kwenye barabara.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nilimfikia kwenye kizingiti lori likipita, nikamkamata mkono juu ya kiwiko, nikamkaza hadi akaniambia ninamuumiza. Sikumwachia. Yale maneno yote niliyoyabeba kutoka Kilosa yalirudi, nikamwambia yote, bila mpangilio, kwamba ziro si kifo, kwamba mimi nilisomwa ukutani, kwamba kuna P. Akaniuliza kama P wanamkubali mtu wa ziro. Nikamwambia wanamkubali, atatoa namba yake hii na mwaka aliofanya, wamwone kwenye kumbukumbu zao, kisha wampe mpya. Akaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza.

Simu yangu ikaita mikononi mwa mwanangu. Alikuwa mama yake yule binti, kutoka Chanzuru. Ana simu ya kitochi tu, hana pa kufungulia matokeo, na namba pekee aliyonayo ya kumuulizia binti yake ni yangu. Mwanangu aliileta hadi mlangoni, akasimama nayo, hajui ampe nani.

Nilinyoosha mkono niipokee mimi. Binti akawahi. Akaiweka sikioni, akavuta pumzi, na mimi nikiwa bado nimemshika mkono wa pili nikausikia mwili wake ukijikaza.

"Shikamoo mama," akasema. "Ndiyo. Yametoka."