Vyumba Viwili Nje ya Jiwe

Shemeji yangu alikuja Dodoma nyuma yangu, reli ya Mjerumani ilipokwisha kufika. Mimi nilikuwa nimefyatua matofali nusu ya mji huu kwa mikono yangu, yeye alikuja na maneno matamu. Lakini tajiri wetu, Mhindi mkopeshaji, alimpa kiti. Mimi alinipa kazi.

Shemeji aliomba rupia mia sita afungue duka, akaweka nyumba yake rehani. Kabla ya kutoa fedha, tajiri aliniita nimsaidie kukagua faili, maana nyumba ile nilijenga mimi. Shule yangu ni kiangazi kimoja kwa wamisheni wa Mpwapwa, lakini kusoma najua. Nikaomba Mungu nikute kasoro.

Namba ya kiwanja ilikuwa ile ile katika hati, katika karatasi ya thamani na katika cheti cha rehani kutoka daftari la ardhi. Mia sita ya mkataba ndiyo mia sita iliyoandikishwa. Mthamini alisema vyumba sita, rupia elfu moja na mia mbili, na tajiri hakopeshi zaidi ya nusu ya thamani. Roho ikaniuma; kila kitu kilikaa sawa.

Nikarudia hati. Mpaka wa mashariki: jiwe la Serikali, kando ya njia ya mizigo. Hapo nikacheka peke yangu. Nyumba ya tembe huongezwa ubavuni, chumba baada ya chumba, na vile viwili vya mwisho nilivijenga ng'ambo ya jiwe, shemeji akisema pale hapana mwenyewe. Mthamini alihesabu milango, mawe hakuyatafuta.

Nikamwambia tajiri, tukaenda na mthamini na kamba ya kupimia, shemeji akiwapo. Jiwe lilikuwa chini ya jivu la jiko.

"Shemeji, umefurahi sasa?" akaniuliza.

"Sana," nikamwambia.

Mthamini aliandika upya: vyumba vinne, mia nane. Mkopo ukashuka hadi mia nne, na shemeji akatia sahihi mkataba mpya. Tajiri akafungua sanduku ahesabu fedha. Nikamshika mkono.

"Daftari bado linasema mia sita. Ukimpa mia nne, nyumba yake itadaiwa mia sita. Wivu ni wangu, tajiri. Wizi si wangu."

Akanuna, ila alipeleka karatasi zirekebishwe, na fedha zikangoja mpaka cheti kiliporudi na mia nne. Shemeji alimshukuru nani? Tajiri.

Nilidhani mia nne hazitafungua duka. Shemeji alinunua chumvi na karanga tu, akaacha vitambaa, na kabla ya mvua wateja walikuwa wamejaa barazani kwake. Kisha akanijia: vile vyumba viwili nivibomoe, nivijenge upya ndani ya mawe ya mpaka.

Nilimtoza bei ya mgeni. Akalipa bila kubisha, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.