Vidonge Viwili Vilivyobaki

Niliuza dawa Newala kwa miaka mingi, na nilikuwa mkali. Sikatai. Mtu akirudi dukani na homa ileile wiki ya pili, swali langu la kwanza lilikuwa, "Dozi ulimaliza?" Akianza kumung'unya maneno nampa vidonge vyake, tena mbele ya watu.

Ndivyo nilivyomfanyia bibi mmoja wa Makote. Alikuwa amepewa mseto wa malaria, akameza siku moja na nusu, akajisikia nafuu, vilivyobaki akamwekea mjukuu akiba. Nilimsema hadi waliokuwa kwenye foleni wakainamisha macho. Dozi haikatishwi, nikamwambia, hata ukijiona mzima unaruka kamba. Aliitikia kwa unyenyekevu, "Nimesikia mwanangu, sirudii."

Msimu wa korosho alikuja tena. Goti lilikuwa limevimba kwa kuinama kutwa nzima akiokota, na ametoka hospitali na cheti. Mbele yake walikuwepo watu sita, na mmoja alikuwa na mtoto anayelia. Nikampa shikamoo bibi huku mkono ushashika cheti.

Vyeti vya madaktari nilivisoma kama mtu anavyosoma sura za majirani. Bd, mara mbili kwa siku. Tds, mara tatu. Kwenye bahasha ya dawa hatuandiki herufi hizo, maana mgonjwa hazijui. Tunaandika 1x2 au 1x3, na hizo kila mtu Newala nzima anazielewa. Cheti cha bibi kiliandikwa diclofenac, miligramu hamsini, tds prn, vidonge thelathini. Dawa ya maumivu hiyo, kali kwa tumbo. Jicho langu lilifika kwenye tds likatosheka. Nikaandika 1x3, nikahesabu thelathini, nikamwambia ale kwanza ndiyo ameze. Akashukuru, akaenda zake.

Prn maana yake ni pale mgonjwa anapohitaji. Anameza akiumwa, isizidi mara tatu kwa siku. Maumivu yakiisha, anaacha. Herufi hizo tatu hazina tarakimu yake kwenye bahasha. Ukitaka zifike kwa mgonjwa lazima uandike maneno, na mimi siku ile sikuandika neno.

Siku ya kumi na moja binti yake alisimama dukani, ameshika ile bahasha yangu. Mama yake alikuwa wodini tangu jana. Alianguka njiani akienda kuchota maji, na choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Vidonda vya tumbo vinavuja damu, wamesema. Daktari anauliza alikuwa anameza nini.

"Alikuwa anakula kabla ya kumeza?" nikauliza.

"Asubuhi uji, usiku ugali. Cha mchana anamezea shambani, na maji funda moja."

Vyeti tulikuwa tunavihifadhi kwenye boksi. Nikakitafuta chake. Prn ilikuwepo pale pale, mwandiko safi kabisa, hata mtoto wa darasa la tatu angezitaja herufi zake. Nilitamani iwe imeandikwa vibaya. Lo! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nilifunga duka nikaenda hospitali. Alikuwa ameshaongezewa chupa moja ya damu, ya pili inaning'inia. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na nesi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku ule wangejua kama atavuka. Niliogopa. Nilikaa kwenye benchi mpaka jioni, nikarudi kesho yake asubuhi, nikamkuta macho wazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Kisha, kabla sijafungua mdomo, akapapasa ncha ya kanga yake, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na vidonge viwili.

"Usinigombeze mwanangu," akasema. "Vyote nimemeza kama ulivyoandika. Hivi viwili ndivyo vilivyonishinda, nilikuwa nimeshaanguka."

Nilivipokea. Nikamwambia ukweli, taratibu, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuusema: daktari aliandika dawa ile ni ya kumeza ukiumwa tu, mimi ndiye niliyesoma nusu. Haikuwa dozi ya kumaliza. Kosa si lako, bibi, ni langu.

 Hakukasirika, na ningependelea akasirike. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole juu ya shuka.

"Kumbe," akasema mwishowe. "Goti lilipona siku ya tatu. Nikasema, dozi haikatishwi."