Mashine Sita Nilizokatazwa Kugusa

Mkataba wa kazi niliusaini juu ya boneti ya gari, spana ikiwa mkono wa kushoto, na sikuusoma. Nalisema hili mapema ili msomaji asinihurumie kupita kiasi.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Mahindi ya mgao yaliletwa kambini yakiwa punje, na punje hazisongwi ugali, kwa hiyo kila aliyeweza kupata injini ya dizeli Ngara na Biharamulo alifungua mashine ya kusaga. Kampuni iliyoniajiri iliuza mashine hizo, ikazifunga na kuzitengeneza zilipogoma. Mimi nilikuwa fundi wao wa njiani. Nilijua kila mashine kwa sauti yake, na wenye mashine walinijua mimi, si kampuni. Mkurugenzi wetu alikaa ofisini Ngara mjini na hakuna mwenye mashine aliyewahi kumpa hata kikombe cha uji.

Baada ya miaka minne nikataka karakana yangu mwenyewe. Mke wangu ni mtu wa Biharamulo, na baba yake alitupa kipande cha uwanja kando ya barabara ya kwenda Nyarubungo. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikafanya kazi mwezi mzima wa notisi, nikarudisha funguo na vifaa vyote hadi bisibisi ya mwisho. Nilijiona mtu mwenye adabu kuliko wote wilayani.

Adabu hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Kwetu mtu haondoki kama mwizi. Ukihama unapita nyumba kwa nyumba, unaketi, unakunywa ulichopewa, unasema unakwenda wapi na utapatikana vipi. Asiyeaga husemwa hata na watoto. Basi katika wiki yangu ya mwisho nilipita kwenye mashine sita nilizozihudumia zaidi, mbili upande wa Ngara na nne upande wa Biharamulo, nikaaga. Kila mahali niliwaeleza karakana yangu itakuwa wapi. Kila mahali nilisema, mashine ikigoma nitumieni mtu.

Mwezi wa pili karakana ikiwa imeanza kusimama, mjumbe wa mahakama akaja na karatasi. Kampuni ilikuwa imenishtaki katika mahakama ya wilaya ya Biharamulo, na wakati kesi inasubiri kusikilizwa, iliomba nizuiwe mara moja. Kulikuwa na nakala ya mkataba wangu, na siku hiyo ndipo nilipousoma kwa mara ya kwanza, nimesimama juani, mke wangu akisoma juu ya bega langu.

Kifungu kimoja kilisema kwamba kwa miaka mitatu baada ya kuacha kazi nisifanye biashara wala ajira yoyote inayohusu mashine au injini ya aina yoyote, katika mkoa wote wa Kagera na mikoa inayopakana nao. Kilichofuata kilisema kwamba kwa mwaka mmoja nisimshawishi mteja yeyote niliyemhudumia mimi mwenyewe katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi ili aiache kampuni na kuja kwangu.

Mke wangu aliuliza tutakula nini. Nikamfokea, na hakuwa na kosa. Nilifoka kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilimaliza darasa la saba nikaingia gereji, na nje ya injini sijui kitu. Ukinikataza injini miaka mitatu, Kagera hadi Kigoma, Mwanza na Shinyanga, umeniambia nihame nchi au nikae nitazame watoto wakikonda.

Nilipata wakili Bukoba, mtu mfupi wa maneno machache ambaye alisoma mkataba kwa penseli. Alinieleza mambo ambayo tangu siku ile nimeyaeleza kwa mafundi wengi. Mwajiri, alisema, haruhusiwi kumfunga mtu mikono kwa sababu tu anaogopa ushindani. Lazima awe na kitu chake halali cha kulinda, kama siri za biashara au uhusiano na wateja alioujenga kwa gharama yake. Hata akiwa nacho, katazo lisizidi kinachohitajika kukilinda, kwa muda, kwa eneo na kwa aina ya kazi. Na anayetaka katazo litekelezwe ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba ni la haki. Ufundi uliomo mikononi mwangu ni wangu, hata kama niliupatia kwake.

Niliinuka kitini nimevimba kichwa. Alinirudisha chini kabla sijafika mlangoni kwa kuniuliza kama niliwafuata wateja. Nikasema hapana, wala sikudanganya, maana nilivyojua mimi kushawishi ni kumnong'oneza mtu kwamba kampuni inamwibia. Akaandika kiapo changu kwamba sikumshawishi mteja yeyote, nikatia sahihi. Safari hii nilisoma kila mstari.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ya maombi kusikilizwa chumba cha mahakama kilijaa, kwa sababu siku ya soko watu hawana haraka ya kurudi nyumbani. Wakili wa kampuni, kijana aliyetoka Mwanza na viatu visivyojua vumbi letu, alikuwa na viapo vya wenye mashine wawili. Hawakunichongea. Walieleza tu, kwa upendo wote, jinsi nilivyokuja kuwaaga vizuri. Akaomba nihojiwe juu ya kiapo changu, hakimu akaruhusu.

Alinihoji polepole. Je, nilikwenda kwa wateja sita? Nilikwenda. Nikiwa bado nimeajiriwa na kampuni? Ndiyo. Kwa gari la nani? Gari lilikuwa la kampuni, nilikuwa njiani kikazi.

"Uliwaambia nini kuhusu mashine zao?"

"Niliwaambia zikigoma wanitumie mtu."

"Wakutumie wewe, au waitumie kampuni?"

"Mimi."

Nilimtazama wakili wangu. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Nikajaribu kueleza kwamba huko ni kuaga, kwamba kila mtu pale chumbani angefanya vivyo hivyo, na nyuma yangu watu wakaguna kukubali. Hakimu akawatuliza. Mimi sauti ilipanda na nikasema kwamba mtu asiyeaga ni mnyama. Yule kijana akainama kidogo, akasema hana swali lingine.

Tulisubiri uamuzi wiki mbili. Katika wiki hizo sikugusa spana. Wateja wasiohusika kabisa na kampuni walikuja, wa pikipiki na wa pampu za maji, nikawaambia warudi baadaye. Mke wangu alilima shamba la baba yake huko Bisibo na jioni hatukuongea. Nilikuwa nalala na kuamka na neno moja, mimi, nililolisema mbele ya hakimu.

Uamuzi ulisomwa asubuhi. Hakimu alianza na kifungu kikubwa, na alikishughulikia kama mtu anayechambua maharage. Miaka mitatu kwa fundi wa mashine za kusaga, alisema, kampuni haikueleza kwa nini isiwe pungufu. Mikoa yote hiyo ni mikubwa kuliko eneo ambalo kampuni yenyewe inafanya kazi. Na injini ya aina yoyote inagusa hata pikipiki na pampu, ambazo kampuni haijawahi kuzishika. Wakili wa kampuni alikuwa ameomba kwamba ikiwa miaka mitatu imezidi, basi mahakama iifanye mmoja, na mkoa uwe wilaya. Hakimu alikataa. Alisema mahakama inaweza kufuta maneno yaliyozidi pale yanapofutika na yanayobaki yakasimama yenyewe, lakini haiwezi kuwaandikia watu mkataba mpya. Kwa jinsi alivyokiona kifungu hicho, hakikuwa cha kumzuia mtu asifanye kazi wakati kesi ikisubiri.

Niligeuka nyuma. Mke wangu, ambaye hakuwa ameniambia kwamba atakuja, alikuwa benchi la nyuma amefunika uso kwa kanga.

Kisha hakimu akafungua ukurasa wa pili. Kifungu cha kushawishi, alisema, ni cha mwaka mmoja tu, na ni cha wateja niliowahudumia mwenyewe tu. Uhusiano nao niliujenga kwa mshahara na gari la kampuni. Hilo ni jambo la haki kulilinda. Alikubali kwamba niliaga kwa nia njema. Lakini mtu anaweza kuaga bila kumwambia mteja wa mwajiri wake amletee kazi. Akaamuru kwamba kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule nisiwahudumie wale sita, iwe kwa mkono au kwa ushauri, niwe nimewafuata au wamenifuata, maana mwaliko ulikwisha kutolewa na hauwezi kurudishwa mdomoni.

Wakili wangu alinishika mkono akanipongeza. Karakana ilikuwa yangu, ufundi ulikuwa wangu, wilaya nzima ilikuwa wazi isipokuwa milango sita. Alisema wengi wangetamani matokeo kama yale. Nilikubali, na kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu wa furaha. Kesi ya msingi kampuni iliiondoa yenyewe, lakini baada ya mwaka wa katazo kwisha.

Mwaka ule haukuwa umeisha alipokuja mama wa Nyamahanga. Alikuwa mmoja wa wale sita, mjane, mashine yake ndiyo iliyosomesha wajukuu. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nikamwambia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akaketi juu ya tairi na kuanza kueleza kabla sijamzuia. Mashine inawaka vizuri. Ikiwa tupu inazunguka vizuri. Akimimina mahindi tu, inatoa moshi mweusi, inalia, inazima. Kampuni ameiandikia, wamesema fundi atafika mwisho wa mwezi. Wateja wake wameanza kurudi na mahindi kichwani, na wengine wanayachemsha mazima.

Nilijua kabla hajamaliza. Chujio la hewa limejaa unga. Lifunguliwe, lioshwe kwa dizeli, lirudishwe. Hata yeye mwenyewe angeweza, kwa robo saa, bila kifaa. Maneno machache tu yalikuwa kwenye ulimi wangu.

Nikamwambia nimekatazwa na mahakama. Akasema amesikia, ndiyo maana haniombi niende. "Nielekeze tu kwa mdomo, mwanangu. Nitafanya mwenyewe."

Nikasema hata mdomo umekatazwa.

Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Akaniuliza, taratibu, kama mtu anayetaka kuelewa jambo la wasomi, kama ninakijua kinachoiumiza mashine yake.

Ningeweza kusema sijui. Ingekuwa huruma kwetu sote wawili.

"Nakijua, mama," nikasema.

Akajifunga kanga yake upya, akasimama, akarudi Nyamahanga kwa miguu.